Makopa, salfa na miguu: namna konzo inavyotokea

Konzo ni ulemavu wa miguu unaotokana na sumu ya muhogo mchungu, unaoingia ghafla na kubaki na mtu maisha yake yote. Aliyelala mzima, mara nyingi baada ya siku ya mwendo mrefu au ya kazi nzito shambani, huamka akiona miguu mizito, inatetemeka na haimbebi. Hana homa na hakuanguka popote. Wengine siku hizo za mwanzo huona ukungu au ulimi huwa mzito kwa muda, kisha macho na ulimi hurejea hali yake. Katika siku na wiki zinazofuata wagonjwa wengi hupata nafuu kidogo, halafu hali huganda pale ilipofika. Haizidi kuharibika mwaka hadi mwaka kama yalivyo magonjwa mengine ya neva, lakini pia haiponi. Mtoto aliyebaki akitembea kwa ncha za vidole, magoti yakigusana na miguu ikipishana kama mkasi, atatembea hivyo hata utu uzimani.

Ugonjwa huu uliandikwa kitabibu kwa mara ya kwanza mwaka 1938 na daktari Giovanni Trolli, aliyeukuta katika eneo la Kwango, katika nchi inayoitwa leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwetu Kusini mwa Tanzania, kisa kilicho karibu zaidi kwa jiografia na kwa maisha ya watu ni kile cha mwaka 1981 katika mkoa wa Nampula, Msumbiji, ambako ukame ulifuatiwa na wagonjwa zaidi ya 1,100. Wenyeji wa huko waliuita mantakassa, na kwa muda waganga hawakujua kama wanakabiliana na polio mpya, kirusi kingine au sumu. Nchini Tanzania konzo ilitambuliwa Tarime mwaka 1985, kisha milipuko ikaandikwa mwaka 2001 na 2002 mkoani Mtwara na wilayani Mbinga. Kabla ya hapo, mwaka 1988, Masasi ilikuwa imepata mkasa wa aina nyingine kutokana na muhogo huohuo, nao nitaueleza hapa chini kwa sababu unafundisha jambo ambalo konzo yenyewe hailionyeshi waziwazi.

Kila mahali ulipotokea mlipuko, hali ilikuwa ileile. Watu walikuwa wakila muhogo mchungu karibu peke yake kwa wiki kadhaa, muhogo huo ulikuwa umetengenezwa kwa haraka kuliko kawaida, na mboga yenye protini ilikuwa imepotea mezani. Muhogo mchungu huliwa na mamilioni ya watu ambao hawapati konzo kamwe, kwa hiyo kusema kwamba muhogo una sumu hakuelezi kwa nini kijiji kimoja kilemae na kingine kibaki salama. Maelezo yenyewe yamo katika hesabu mbili: sumu inayobaki kwenye unga, na salfa iliyomo mwilini mwa anayeula.

Tuanze na mmea. Muhogo hauhifadhi sayanaidi ikiwa tayari. Ndani ya seli zake kuna kitu kiitwacho linamarini, ambacho ni sukari iliyofungana na sayanaidi, na kikiwa hivyo hakina madhara kwa mmea wenyewe. Kwenye kuta za seli, mbali na linamarini, kuna kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Mdudu akitafuna, au mama akitwanga, seli hupasuka na vitu hivyo viwili hukutana. Linamarasi huvunja linamarini, sukari hubaki upande mmoja, na upande wa pili hupatikana kitu cha katikati kiitwacho sayanohidrini. Sayanohidrini nayo huvunjika yenyewe, hasa penye joto na pasipo na uchachu mwingi, na ndipo hutoka gesi ya sayanaidi ambayo huchemka kwenye nyuzi 26 tu za Selsiasi na kupotelea hewani. Hatua ni mbili, na kila moja inahitaji maji na muda wake. Usindikaji wote wa muhogo, uwe wa kuloweka, kuvundika, kukuna au kuanika, ni njia tofauti za kuziacha hatua hizo mbili zikamilike kabla chakula hakijafika mdomoni.

Kwa sababu hiyo, kuchemsha muhogo mchungu mzima hakusaidii sana. Moto hukiua kimeng'enya mapema, na linamarini iliyobaki hukosa cha kuivunja, ikaingia tumboni ilivyo. Kisamvu ni tofauti kabisa. Majani yana sayanaidi nyingi kuliko hata mizizi, lakini kinu na mchi huzipasua seli zote, kimeng'enya hufanya kazi yake kwa dakika chache, na kuchemsha kunakofuata hufukuza gesi. Kisamvu kilichotwangwa vizuri na kuiva ni chakula salama, na ni miongoni mwa protini chache ambazo familia maskini inaweza kuzichuma nyuma ya nyumba.

Sasa tuje Uwanda wa Makonde, yaani Newala, Tandahimba na maeneo yanayozunguka. Udongo wa huko ni mchanga wenye kina, mvua ikinyesha inazama moja kwa moja, na kwa vizazi vingi wanawake wamekuwa wakishuka bondeni kutafuta maji. Kuloweka mihogo siku tatu hadi ilainike, kama wafanyavyo watu wanaoishi kando ya mito ya Kongo, ni njia bora sana ya kuondoa sumu, lakini huwezi kumwambia mtu aliyepanda mlima na ndoo moja kichwani aimwagie mihogo. Ndiyo maana Kusini njia kuu ni makopa: mihogo inamenywa, inapasuliwa, inaanikwa juani kwa siku kadhaa hadi ikauke kabisa, kisha inahifadhiwa na kutwangwa unga kadiri ya mahitaji. Makopa hayataki maji, huhifadhika kwa miezi, na hubebeka kwenda sokoni. Udhaifu wake ni kwamba vipande vinavyokauka vikiwa vizima havipasui seli za kutosha. Linamarini na kimeng'enya hukauka kila kimoja mahali pake bila kukutana, na maji yakishaisha hakuna kinachoendelea tena.

Hebu tupige hesabu ya kilo moja. Chukua kilo moja ya muhogo mchungu uliomenywa, wenye miligramu 200 za sayanaidi, kiwango ambacho kwa mihogo michungu hakishangazi. Vipimo vilivyofanywa kwa njia mbalimbali za usindikaji vinaonyesha kwamba kuanika vipande juani hubakiza kati ya robo na theluthi ya sumu iliyokuwamo. Kwa masikio inasikika vizuri, maana robo tatu imeondoka. Lakini kilo moja ya muhogo mbichi ikikauka huwa gramu 400 hivi. Sumu iliyobaki, miligramu 50 hadi 66, sasa imo ndani ya unga mchache kuliko nusu ya uzito wa mwanzo, kwa hiyo unga huo una miligramu 125 hadi 165 kwa kila kilo. Kiwango kinachokubaliwa na Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 10 kwa kilo ya unga. Kuvundika kabla ya kuanika, kwa kulundika mihogo na kuifunika hadi iote ukungu, huleta nafuu: hubakiza kama sehemu moja ya sita hadi ya nane, na kwa kilo yetu hiyo unga utakuwa na miligramu 60 hadi 85. Bado ni mbali na 10, ila ni nusu ya makopa ya kawaida.

Katika mwaka wa mvua njema hesabu hiyo haileti maafa, kwa sababu unga wa muhogo huchanganyika na mahindi, mtama na wali, na mezani pana kunde, mbaazi au dagaa. Mwaka wa ukame hubadilisha mambo matatu kwa pamoja. Mmea uliokosa maji huongeza linamarini kwenye mizizi, na miligramu 200 zinaweza kuwa 400. Mahindi hayakuiva, kwa hiyo ugali wa muhogo unaliwa mchana na usiku. Na njaa haingoji siku za kuanika zitimie. Nafaka hushindwa mapema, lakini muhogo mchungu hustahimili, nguruwe pori na nyani hawaupendi, wezi nao huuogopa. Kwa mkulima asiye na ghala wala fedha, kuupanda ni uamuzi wa busara, na nadhani wataalamu wanaowalaumu wakulima kwa kuupanda hawajakaa msimu mmoja wa njaa pamoja nao.

Hapa ndipo mkasa wa Masasi wa mwaka 1988 unapoingia. Chakula kilikuwa kimepungua, na badala ya makopa watu walitumia njia ya haraka inayoitwa chinyanya, ambapo mihogo mibichi hutwangwa, huanikwa kidogo, hutwangwa tena na kuchekechwa, na unga huweza kupikwa ndani ya siku moja hivi. Walioula walipata sumu ya papo hapo: saa chache baada ya mlo, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na kuishiwa nguvu. Jambo linaloshangaza ni kwamba chinyanya hupasua seli kuliko makopa, na kwa hatua ya kwanza ni njia bora. Linamarini inavunjika vizuri. Kinachokosekana ni muda wa hatua ya pili, na unga huingia chunguni ukiwa umejaa sayanohidrini. Sayanohidrini hiyo ikifika kwenye utumbo mwembamba, ambako uchachu ni mdogo, huvunjika kwa haraka na kuachia sayanaidi yote kwa mkupuo. Linamarini ya makopa hupita njia ya polepole: sehemu hutoka na mkojo bila kuvunjwa, na sehemu huvunjwa na bakteria wa tumboni kwa saa nyingi. Kwa hiyo mlaji wa chinyanya mbovu anaugua leo na akipona anapona, ilhali mlaji wa makopa mabovu huweza kula wiki nyingi asihisi kitu mpaka asubuhi moja miguu inagoma.

Ili kuelewa kinachotokea katika wiki hizo, tuangalie mwili unavyojilinda. Sayanaidi huzuia seli kutumia oksijeni, lakini mwili una kimeng'enya kiitwacho rodanesi, hasa kwenye ini, kinachoibandika salfa kwenye sayanaidi na kuigeuza thiosayaneti, kitu chenye sumu ndogo sana kinachotoka na mkojo. Kila molekuli ya sayanaidi inadai chembe moja ya salfa. Salfa hiyo haitoki hewani wala kwenye maji. Inatoka kwenye asidi amino mbili, methionini na sisteini, zinazopatikana kwenye protini tunayokula, na muhogo karibu hauna chochote cha hizo.

Mtu mzima wa kilo 50 anayekula nusu kilo ya unga wenye miligramu 150 kwa kilo anaingiza miligramu 75 za sayanaidi kwa siku. Kiasi hicho kikiingia mara moja kikiwa sayanaidi tupu kinaweza kuua. Yeye anabaki hai kwa sababu kinaingia kidogo kidogo. Lakini kama chote kitavunjwa na kugeuzwa thiosayaneti, kitateketeza salfa inayolingana na miligramu 340 hivi za sisteini. Mahitaji yake ya kila siku ya asidi amino hizo mbili kwa ajili ya kazi zote za mwili, kujenga misuli, kukuza nywele, kutengeneza vilinzi vya seli, ni kama miligramu 750. Karibu nusu ya stahili yake ya siku nzima imetumika kulipia ugali wenyewe kabla mwili haujapata chochote. Kama mezani pana dagaa, deni hilo linalipika. Kama ni ugali na chumvi, halilipiki, na kesho linaongezeka.

Salfa ikipungua, sayanaidi haikai ikisubiri. Mwili huipitisha njia nyingine, na mojawapo huigeuza sayaneti, kitu kinachojibandika kwenye protini na kuziharibu umbo na kazi. Sayaneti ina historia inayotia shaka kubwa: katika miaka ya 1970 ilijaribiwa kama dawa ya selimundu, na jaribio hilo likaachwa kwa sababu wagonjwa walianza kuharibika neva. Watafiti wengine wanaitilia shaka zaidi thiosayaneti inapojaa mwilini, au upungufu wa vilinzi vya seli ambavyo navyo vinategemea sisteini. Njia kamili ambayo sumu inapitia kufikia seli za neva haijathibitishwa, na hadi sasa konzo haijatolewa maelezo ya hadubini ya ubongo wa aliyefariki nayo kama yalivyotolewa kwa magonjwa mengine. Anayedai kwamba amejua molekuli yenyewe anatangulia ushahidi.

Kinachojulikana vizuri ni mahali palipoumia. Amri ya kutembea huanzia kwenye seli kubwa za tabaka la juu la ubongo, hushuka kupitia njia ya piramidi, hukatiza upande wa pili sehemu ya chini ya ubongo, na kufika kwenye uti wa mgongo. Hapo hukabidhiwa seli za pili, ambazo nyuzi zake hutoka na kwenda kwenye misuli. Konzo huharibu seli za juu tu. Seli za pili na misuli yenyewe ni nzima, hisia za ngozi zipo, haja kubwa na ndogo zinadhibitiwa. Wagonjwa walipopimwa kwa sumaku inayochochea ubongo kupitia fuvu, mara nyingi amri haikufika kwenye misuli kabisa, hata kwa baadhi ya wale ambao bado waliweza kutembea. Miguu huumia kuliko mikono, na maelezo yanayokubalika ni kwamba nyuzi za miguu ndizo ndefu zaidi, kutoka utosini hadi kiunoni, na uzi mrefu unahitaji nishati na matengenezo zaidi. Katika hali kali mikono na ulimi navyo huguswa.

Seli za juu zina kazi mbili: kuamuru na kutuliza. Zikifa, misuli hukosa amri, lakini pia hukosa kutulizwa, kwa hiyo haibaki laini, inakakamaa. Hii ndiyo alama ambayo mganga wa zahanati anaweza kuitafuta bila mashine yoyote. Akigonga chini ya goti kwa nyundo ndogo ya mpira, mguu huruka kwa nguvu isiyo ya kawaida. Akiusukuma unyayo juu kwa ghafla, kifundo huanza kudundadunda. Shirika la Afya Duniani mwaka 1996 liliweka masharti matatu ya kumtambua mgonjwa wa konzo: mwendo uliokakamaa kwa miguu yote miwili anapotembea au kukimbia, ulemavu ulioanza ndani ya muda usiofika wiki moja kwa mtu aliyekuwa mzima na ambao hauendelei kuzidi, na miruko ya magoti au vifundo iliyozidi pande zote mbili bila dalili za ugonjwa wa uti wa mgongo. Ukali nao hupimwa kwa macho: anayetembea bila msaada yuko kundi la kwanza, anayehitaji fimbo moja au mbili kundi la pili, asiyeweza kutembea kundi la tatu.

Masharti hayo yanatenganisha konzo na magonjwa yanayofanana nayo. Polio hulegeza misuli ikakonda, na mara nyingi hupiga mguu mmoja kuliko mwingine. Kifua kikuu cha uti wa mgongo hukakamaza miguu pia, lakini huja polepole, mgongo unauma au umepinda, na haja ndogo huharibika. Kuna pia ndugu wawili wa konzo katika familia ya sumu za chakula. Mmoja ni lathirizimu, unaotokana na zao la jamii ya kunde linaloliwa Ethiopia, India na Bangladeshi wakati wa ukame. Huo nao hukakamaza miguu kwa namna isiyotofautishika kirahisi na konzo, ila sumu yake si sayanaidi bali ni asidi amino ya mmea wenyewe. Mwingine ulielezwa kusini magharibi mwa Nigeria kwa watu wazima waliokula muhogo miaka mingi: huja taratibu, ganzi ya miguu, kuyumba, macho na masikio kufifia, yaani njia za hisia badala ya njia za mwendo. Kwamba zao moja laweza kuumiza neva kwa sura mbili tofauti, moja ya ghafla na nyingine ya miaka, ni sababu nyingine ya kutokimbilia maelezo mepesi.

Wanaougua zaidi ni watoto waliopita umri wa miaka mitatu na wanawake wa umri wa kuzaa. Mtoto anayenyonya huwa salama, kwa sababu maziwa ya mama yanampa protini na ugali wake bado ni mdogo. Akiachishwa, anahamia kwenye chakula cha wakubwa wakati ambao mwili wake unakua na unadai salfa nyingi. Mwanamke mwenye mimba au anayenyonyesha naye anadaiwa pande mbili. Watafiti waliowapima watoto wa vijiji vya konzo nchini Kongo waliona pia kwamba kumbukumbu na uwezo wa kujifunza hupungua, na dalili ndogo za aina hiyo zilionekana hata kwa watoto wanaotembea vizuri lakini wanaokula chakula hichohicho. Ina maana kwamba wanaochechemea ndio wanaohesabika tu.

Kwa kuwa kilichoharibika hakirudi, karibu faida yote iko kwenye unga. Kwa Uwanda wa Makonde, njia inayofaa zaidi ninayoijua ni ile iliyobuniwa na mkemia Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia na kufundishwa Msumbiji, Kongo na pia huku Kusini mwa Tanzania: kulowesha unga. Inatumia ukweli kwamba kwenye unga wa makopa linamarini na kimeng'enya vyote viwili vingalimo, vikavu, vikisubiri maji. Weka unga kwenye beseni na utie alama mahali unga unapofikia. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, maji yametosha. Utandaze juu ya mkeka au ungo kwa unene usiozidi sentimita moja, uuache saa mbili juani au saa tano kivulini, halafu pika ugali siku hiyohiyo kwa sababu unga uliolowa haulali. Sumu hupungua mara tatu hadi sita.

Tukirudi kwenye kilo yetu, unga wa miligramu 125 hadi 165 utashuka hadi kati ya 20 na 55. Si 10, na mtu asidanganywe kwamba ni 10. Kurudia kulowesha na kutandaza mara ya pili kabla ya kupika hupunguza zaidi sumu iliyobaki, nami ningeshauri marudio hayo yafundishwe waziwazi kwa miaka ya ukame badala ya kuachwa kama nyongeza. Makosa yanayojitokeza ni mawili. La kwanza ni kutandaza nene: gesi hukwama na sehemu ya chini hubaki na sumu. La pili ni kuharakisha muda kwa sababu watoto wanalia, na hapo tumerudi kwenye kosa la chinyanya, la kukata hatua ya pili. Kinachosaidia njia hii kukubalika ni kwamba uchungu wa ugali hupungua, hivyo mpishi anaonja mafanikio yake mwenyewe.

Upande wa salfa, Mtwara na Lindi zina hali ya kipekee. Mikoa hii ni mashuhuri kwa ufuta, na ufuta ni miongoni mwa mbegu zenye methionini nyingi kuliko kunde na mbaazi. Gramu 40 hivi za ufuta zina asidi amino za salfa zinazokaribia zile miligramu 340 tulizoona zikiteketezwa na nusu kilo ya unga. Korosho nazo hazikosi. Lakini ufuta na korosho karibu zote huenda ghalani na kuuzwa, na mwaka wa njaa ndio mwaka ambao familia huuza mpaka punje ya mwisho. Sisemi kwamba ufuta umethibitishwa kuzuia konzo. Nasema kwamba hesabu ya salfa inakubali, kwamba bakuli moja lililobaki nyumbani kwa ajili ya kusagwa kwenye mboga ya watoto lina thamani ambayo mizani ya mnadani haiionyeshi, na kwamba maafisa lishe wa halmashauri wana jambo mahususi la kuwaambia akina mama kabla ya msimu wa mauzo.

Kujua kama hatari inakaribia kunawezekana kwa vifaa vya bei ndogo. Unga hupimwa kwa karatasi ya pikrati: gramu 0.1 ya unga huwekwa kwenye kichupa pamoja na karatasi yenye kimeng'enya na maji kidogo, karatasi ya njano ya pikrati huning'inizwa juu yake, kichupa hufungwa na kuachwa hadi kesho yake. Gesi ikitoka, njano hugeuka kahawia, na ukolezo wake hulinganishwa na kadi ya rangi. Mkojo wa watoto wa shule nao hupimwa thiosayaneti kwa kifaa kinachofanana na hicho. Katika kazi za kuzuia konzo, mtoto anayezidi mikromoli 350 kwa lita huhesabiwa kuwa amepokea sumu nyingi. Vipimo hivyo viwili vikifanywa baada ya mavuno mabaya ya mahindi, katika vijiji vya uwandani vinavyotegemea makopa, huonyesha mahali pa kupeleka mafunzo ya kulowesha unga na chakula cha msaada chenye protini wiki kadhaa kabla ya mgonjwa wa kwanza kufikishwa zahanati.

Kwa wale ambao tayari wamelemaa, kazi iliyobaki ni ya mazoezi ya viungo ya mapema kuzuia kano za kisigino kufupika, fimbo au magongo yaliyopimwa kimo, na kwa baadhi upasuaji wa kurefusha kano hiyo ili unyayo uguse ardhi. Wapatiwe pia, kabla ya yote hayo, mlo usio wa makopa mabovu, kwa sababu aliyewahi kupata konzo anaweza kupigwa mara ya pili, na pigo hilo humtoa kwenye kundi la fimbo moja na kumweka kwenye kundi la asiyeinuka.